Foleni ya benki haiishi? Jinsi ya kupiga hesabu ya makeshia wa kukaa dirishani, hatua kwa hatua

Hesabu inayopigwa kwenye matawi mengi iko hivi: kwa siku tunapokea wateja 320, keshia mmoja anamaliza watu 15 kwa saa, tunafungua masaa 8, kwa hiyo keshia mmoja ni watu 120 kwa siku, watatu ni 360, basi watatu wanatosha na chenji inabaki. Halafu ikifika saa tano asubuhi foleni imegonga mlango, mlinzi anapanga watu nje, na meneja anaanza kuwaambia makeshia wachangamke. Makeshia hawana kosa hapo, hesabu ndo mbovu, na imekosea sehemu mbili: imechukua wastani wa siku nzima wakati watu hawaji kwa wastani, na imedhani keshia anaweza kujazwa kazi karibu mia kwa mia na mambo yakaenda. Hii ya pili ndo inaumiza zaidi na nitakaa nayo sana, ila kwanza data, kwa sababu kwenye data ndo watu wengi wanapotea mapema bila kujua.

Hatua ya 1: hesabu wanaoingia, sio waliohudumiwa

Kosa namba moja ni kwenda kuchukua ripoti ya miamala kwenye mfumo wa benki, kuona saa tano hadi saa sita kuna wateja 45, na kusema hiyo ndo kasi ya kuingia. Hapana. Hiyo ni kasi ya kutoka. Kama makeshia watatu wanamaliza 15 kila mmoja basi ripoti itasoma 45 hata kama mlangoni wameingia 54 au 70, maana haiwezi kusoma zaidi ya uwezo wa madirisha yaliyokuwa wazi, na waliobaki wanaonekana kwenye saa inayofuata kana kwamba wameingia muda huo. Dalili yake ni rahisi kuiona: chora grafu ya wateja kwa saa, ukiona kilele kimekatwa bapa kama meza, masaa mawili matatu mfululizo namba ileile, ujue unaangalia uwezo wa makeshia na sio mahitaji ya wateja.

Kwa hiyo chukua muda wa kukata tiketi kama tawi lina mashine ya namba. Kama haina, weka mtu mlangoni na karatasi yenye viboksi vya dakika tano tano, kila anayeingia kwa ajili ya dirisha anapigwa kistari. Na yule anayeingia, anaangalia foleni, anageuza, naye umhesabu (mpe alama tofauti), kwa sababu ukiongeza keshia huyo mtu atabaki na atakuwa mzigo wako.

Tuchukue mfano mmoja tutembee nao mpaka mwisho. Saa tano hadi saa sita ya siku ya kawaida, viboksi 12 vimetoka hivi: 4, 6, 3, 7, 5, 1, 4, 9, 3, 5, 4, 3. Jumla ni 54, wastani 4.5 kwa dakika tano. Sasa piga varianzi ya hizo namba, yaani kipimo cha zinavyotawanyika kuzunguka wastani (kwenye Excel ni VAR.S), inatoka karibu 4.5 pia. Varianzi ikiwa karibu sawa na wastani maana yake watu wanaingia kila mmoja kwa wakati wake bila kupangana, na hapo fomula nitakayoweka chini inafaa. Ikiwa varianzi ni mara mbili au tatu ya wastani basi watu wanakuja kwa makundi, labda gari la wafanyakazi limeshusha mara moja, na foleni halisi itakuwa mbaya kuliko fomula inavyosema. Usiamue kwa saa moja tu lakini, viboksi 12 ni vichache, kusanya saa hiyohiyo kwa wiki nne hivi. Na usichanganye siku: Jumatatu, siku za mshahara, na siku baada ya sikukuu kila moja iwe na faili lake, maana ukizichanganya unapata siku ambayo haipo duniani.

Hatua ya 2: muda wa kumhudumia mteja mmoja

Muda unaanza mteja anapoitwa na unaisha keshia anapoita mwingine. Ndani yake kuna mteja kutembea hadi dirishani, kutafuta kitambulisho, mashine kuhesabu noti, noti moja kukataliwa na bunda kurudiwa, saini, muhuri, na ile nusu dakika ya keshia kupanga pesa kwenye droo baada ya mteja kuondoka. Ukichukua tu muda ambao muamala umekaa kwenye skrini unaweza kupata dakika mbili wakati ukweli ni nne, na hesabu yote itakwenda nusu. Pia mteja mmoja anaweza kuwa na miamala mitatu, na unachopanga hapa ni watu, sio miamala.

Safisha data kabla ya kuitumia. Tiketi iliyoitwa na mtu hayupo inasoma sekunde 10, itoe kwenye muda wa huduma. Keshia aliyesahau kubonyeza kitufe akaenda kunywa chai anasoma dakika 40, huyo naye mtoe, ila usitoe kila kirefu, kuna mteja wa kweli wa dakika 25 aliyeleta mauzo ya wiki nzima kwa noti ndogo ndogo na yeye ni sehemu ya kazi.

Halafu tumia wastani, sio namba ya katikati. Kwenye dirisha la benki watu wengi ni wafupi na wachache ni warefu sana, kwa hiyo unaweza kukuta nusu ya wateja wanaisha chini ya dakika mbili na nusu lakini wastani ni dakika 4. Kinachojaza madirisha ni wastani.

Kuhusu wangapi upime, watu wanapima wateja 100 wanaridhika, na mi naona ni kidogo. Kwenye mfano wetu wastani ni dakika 4 na mkengeuko sanifu, yaani muda wa wateja unavyopishana na huo wastani, ni dakika 5 (kwa sababu ya wale warefu). Kwa wateja 100 kosa la wastani wako linaweza kufika karibu dakika moja juu au chini, yaani ukweli unaweza kuwa 3 au 5, na hiyo ni tofauti ya keshia mzima. Kwa wateja 400 kosa linashuka hadi karibu nusu dakika. Mashine ya tiketi inakupa 400 ndani ya siku mbili, kwa hiyo hakuna sababu ya kubania hapa.

Hatua ya 3: tafuta mzigo

Mzigo ni wateja wanaoingia kwa saa mara dakika za huduma, gawanya kwa 60. Kwetu ni 54 × 4 ÷ 60 = 3.6. Maana yake ni kwamba kwa wastani kuna kazi ya kutosha kuwaweka makeshia 3.6 bize kwa pamoja muda wote. Hapo hapo unajua kitu kimoja: makeshia watatu haiwezekani kabisa, foleni itakua tu kadri saa inavyokwenda, hata wachangamke vipi. Wanne ndo wa kwanza wanaowezekana, na hapo ndo watu wengi wanaishia, wanasema 3.6 tupandishe iwe 4, tumemaliza. Hujamaliza, ngoja uone.

Hatua ya 4: weka fomula kwenye Excel

Fomula hii ilitoka kwenye simu. Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu wa Denmark aliyefanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, aliichapisha 1917 akitafuta laini ngapi zinatosha ili wapigaji wasisubiri sana. Keshia ni laini, mteja ni simu, hesabu haijabadilika. Inachukulia foleni ni moja kwa madirisha yote, yaani dirisha lolote likiwa wazi anakwenda wa mbele. Kama tawi lako bado lina foleni yake kwa kila dirisha, hilo lirekebishe kwanza kabla ya kuajiri mtu, kwa sababu kwenye foleni za kila dirisha keshia mmoja anaweza kuwa hana mtu wakati jirani yake kabanwa na mteja wa dakika 25 na watu sita nyuma yake.

Weka mzigo (3.6) kwenye seli E1, dakika za huduma (4) kwenye E2, na dakika unazotaka mtu asizidi kusubiri (tuseme 10) kwenye E3. Safu ya A iwe idadi ya makeshia, A2 andika 0, A3 andika 1, A4 andika 2, endelea hadi 10. B2 andika 1. Halafu kwenye mstari wa 3:

```
B3: =$E$1*B2/(A3+$E$1*B2)
C3: =B3/(1-($E$1/A3)*(1-B3))
D3: =C3*$E$2/(A3-$E$1)
F3: =C3*EXP(-(A3-$E$1)*$E$3/$E$2)
```

Vuta chini. Safu ya B ni ngazi tu ya kupandia, usiisome. C ni uwezekano kwamba mteja akiingia atakuta madirisha yote yana watu na itabidi asubiri. D ni dakika za kusubiri kwa wastani. F ni sehemu ya wateja watakaosubiri zaidi ya dakika 10. Mistari ambayo idadi ya makeshia haizidi mzigo ipuuze kabisa, itakuletea dakika hasi na uwezekano unaozidi 1, ndo namna yake ya kukuambia haiwezekani.

Kwa tawi letu, makeshia wanne wanatoa kusubiri dakika 7.9 kwa wastani, na wateja 29 kati ya 100 wanasubiri zaidi ya dakika 10. Makeshia watano wanatoa dakika 1.2, na anayezidi dakika 10 ni mmoja hivi kati ya 100. Makeshia sita wanatoa sekunde 20.

Iangalie vizuri hiyo ruka ya kutoka wanne kwenda watano. Umeongeza robo ya makeshia na kusubiri kumeshuka karibu mara saba. Ukienda kutoka watano hadi sita unaokoa chini ya dakika moja. Kwa nini? Kwa sababu foleni haifutwi na makeshia wote, inafutwa na ile nafasi inayobaki juu ya mzigo. Wanne wakibeba mzigo wa 3.6 nafasi iliyobaki ni 0.4 ya keshia. Watu tisa wakiingia ndani ya dakika tano kama kile kiboksi cha nane pale juu, hao wa ziada wanafutwa na 0.4 tu, taratibu mno, na kabla hawajaisha kundi lingine limeingia. Wakiwa watano nafasi ni 1.4, mara tatu na nusu ya ile ya mwanzo. Kwa hiyo meneja akimuona keshia amekaa dakika moja bila mteja na akasema huyu ni wa ziada, anatazama ile nafasi ambayo ndo inazuia foleni kufika mlangoni. Makeshia wanne wakiwa bize asilimia 90 ya muda, mteja ndo analipa kwa kusimama.

Hatua ya 5: ongeza chumvi ya ukweli

Fomula inadhani mkengeuko wa muda wa huduma ni sawa na wastani wake. Kwetu mkengeuko ni 5 na wastani ni 4, kwa hiyo foleni halisi ni mbaya zaidi kidogo. Marekebisho yanayokubalika kwa makadirio ni haya: gawanya 5 kwa 4 upate 1.25, ipige mara yenyewe upate 1.56, jumlisha 1 (hiyo ni ya watu wanaoingia bila kupangana), gawanya kwa 2, unapata 1.28. Zidisha dakika za kusubiri kwa hiyo. Wanne wanakuwa dakika 10, watano wanakuwa dakika 1.5. Hapa pia unaona dawa nyingine ambayo haihitaji keshia: wale wateja wachache warefu sana ukiwapa sehemu yao ya kuhesabiwa pesa nyingi, wastani unashuka na mkengeuko unashuka, na foleni ya kawaida inapumua mara mbili. Ila angalia usitoe keshia mmoja kati ya watano kwa ajili hiyo halafu akae bila kazi, maana umewarudisha wengine kuwa wanne.

Jaribu pia kukosea kwa makusudi. Badala ya dakika 4 weka 4.5, kosa la kawaida kabisa la upimaji. Mzigo unakuwa 4.05, makeshia wanne hawawezekani tena, wakati watano wanasubirisha dakika 2.7 tu kabla ya marekebisho. Mpango ambao unavunjika kwa kosa la nusu dakika sio mpango, na hiyo peke yake kwangu inatosha kuchagua watano.

Hatua ya 6: siku za mshahara fomula inakataa

Mzigo ukizidi makeshia ulionao, achana na Erlang, tumia kutoa na kujumlisha. Tuseme una madirisha manne tu yanayofanya kazi, uwezo ni watu 60 kwa saa. Saa tano hadi saa sita wanaingia 70: ikifika saa sita kuna 10 wamebaki juu ya wale wanaohudumiwa. Anayeingia saa sita kamili anasubiri 10 ÷ 60 ya saa, yaani dakika 10. Saa sita hadi saa saba wanaingia 50, uwezo 60, kwa hiyo lile deni la 10 linaisha saa saba. Kumbe kilele kilikuwa cha saa moja lakini foleni imekaa masaa mawili. Ndo maana keshia wa kuongeza anatakiwa afungue dirisha kabla ya saa tano, sio saa sita foleni ikishaonekana, kwa sababu ukimleta saa sita anakuja kulipa deni badala ya kulizuia. Na hii hesabu ya kutoa na kujumlisha inaonyesha kiwango cha chini, haioni mafungu ya watu ndani ya saa, kwa hiyo ukweli utakuwa juu yake kidogo.

Kuna na hali ya katikati. Wakiingia 72 kwa saa na makeshia watano, mzigo ni 4.8, fomula itakuambia dakika 18. Usiiamini sana hiyo kwa kilele cha saa moja, fomula inasoma hali iliyotulia na mzigo ukiwa umekaribia uwezo hivyo foleni inachukua masaa mengi sana mpaka itulie, tawi litafunga kabla haijafika. Chukua tu kama onyo kwamba uko ukingoni. Ukiweka sita inashuka hadi dakika 1.7, na hiyo inaaminika.

Hatua ya 7: kutoka madirisha hadi majina kwenye ratiba

Tano ni madirisha yaliyo wazi na yana mtu, sio majina. Keshia anakwenda chumba cha hela kuongeza noti, anaitwa na msimamizi kuidhinisha kitu, anakula, anasawazisha droo. Pima hilo pia: kila robo saa hesabu madirisha yenye keshia kweli na linganisha na waliopangwa. Ukikuta asilimia 15 ya muda hawapo, gawanya 5 kwa 0.85, unapata 5.9, yaani watu sita kwenye ratiba ya saa hiyo. Fanya hesabu yote kwa kila nusu saa ya siku, utakuta asubuhi na jioni watatu au wanne wanatosha, na hao wengine wanafanya kazi za nyuma hadi kilele. Chakula cha mchana cha makeshia kikiangukia kwenye kilele cha wateja, hesabu yote hii imekwenda na maji, kwa hiyo anza kula saa nne na nusu kwa zamu au subiri saa nane.

Hatua ya 8: hakiki kabla ya kwenda kwa bosi

Kuna ukaguzi mmoja mwepesi sana. Wateja wanaoingia kwa dakika mara dakika za kusubiri ni sawa na watu waliosimama kwenye foleni kwa wastani. Kwetu 54 kwa saa ni 0.9 kwa dakika, makeshia wanne wanasubirisha dakika 10 baada ya marekebisho, kwa hiyo ukienda kuhesabu vichwa kila robo saa kwa siku kadhaa unatakiwa ukute wastani wa watu 9 hivi. Ukikuta watatu, basi labda muda wa huduma umeupima mrefu, au watu wanageuza mlangoni na hukuwahesabu. Ukikuta 20 wakati ratiba inasema makeshia wanne, kabla hujagusa fomula nenda kaangalie madirisha. Mara nyingi utakuta yaliyo wazi ni matatu na la nne lina kibao cha kufungwa, na keshia wake yuko nyuma anahesabu pesa za mashine ya kutolea hela, kazi ambayo ingeweza kufanyika saa tisa.